Kipimo cha kusikia kwa mtoto mchanga: maswali ya mama wa mtoto wa kwanza, na majibu ya nesi wa Lamu

Ninafanya kazi wodi ya uzazi hapa Lamu, na miongoni mwa kazi zangu ni kupima masikio ya watoto kabla hawajarudi nyumbani. Maswali yaliyo hapa nayasikia kila wiki. Nimeyapanga kwa kumfuata mama mmoja kijana wa Siyu, ambaye binti yake wa kwanza alipimwa na sikio la kulia halikupita. Aliuliza karibu yote, mengine huku akilia. Ameniruhusu nisimulie, na jina lake nimeliacha.

Mtoto ana siku moja, hasemi wala hageuki akiitwa. Mnajuaje kama anasikia?

Hatumuulizi mtoto, tunaliuliza sikio lenyewe. Ndani kabisa ya sikio mna seli zenye vinyweleo vidogo mno. Sauti ikizifikia hutikisika, na katika kutikisika hutoa sauti yao wenyewe, hafifu sana, inayorudi nje kama mwangwi wa kisimani. Aliyegundua jambo hili ni David Kemp, huko London, mwaka 1978, na mashine yangu ndogo ya mkononi inategemea ugunduzi huo.

Natia kizibo laini cha mpira kwenye mlango wa tundu la sikio. Ndani ya kizibo mna spika na maikrofoni. Spika inapiga toni, na maikrofoni inasikiliza kinachorudi. Mashine yetu imepangwa kujaribu toni nne, za 2000, 3000, 4000 na 5000 Hz. Ikipata jibu katika angalau tatu kati ya hizo, kioo kinaandika PASS. Ikikosa, kinaandika REFER, yaani mtoto huyu apimwe tena.

Mtoto aliyelala humaliza masikio yote mawili kwa dakika chache. Anayelia, hata ukikaa naye nusu saa hupati kitu.

Inamuuma?

Haimuumi. Hakuna sindano, hakuna umeme, na sauti inayoingia haina nguvu ya kudhuru. Wengi hawaamki. Kinachowaudhi wengine ni mkono wangu ninapolivuta sikio la nje kidogo, chini na nyuma, ili tundu linyooke na kizibo kikae sawa.

Nimtayarishe vipi?

Mnyonyeshe ashibe, mcheulishe, mfunge nguo vizuri hadi mikono, kisha umwache asinzie kifuani kwako. Usimpe titi wakati wa kipimo chenyewe. Kunyonya kuna kelele nyingi kichwani mwa mtoto, na maikrofoni inazisikia zote.

Na tafadhali, usimtie kitu masikioni. Najua wengi wetu tumelelewa kwa tone la mafuta ya nazi yenye uvuguvugu, au tone la maziwa ya mama. Kwenye tundu jembamba la mtoto mchanga tone hilo hukaa na kuziba, na kizibo changu kinaingia palepale. Mkande mwili atakavyo bibi yake, lakini masikio muyaache. Vijiti vya pamba pia viwe mbali naye, maana vinausukuma uchafu ndani badala ya kuutoa.

Kelele za chumba ni shughuli yangu, si yako. Hapa kwetu punda analia wakati wowote, jenereta linanguruma, feni inazunguka. Mimi hupimia katika chumba tunamoweka mashuka, mlango umefungwa na feni imezimwa, kwa sababu mashuka yanameza sauti kuliko kuta tupu za wodi.

Kwa nini sikio moja lilipita na jingine likakataa?

Tuangalie kilichotokea kwa binti wa Siyu. Alizaliwa kwa upasuaji. Mamake alipaswa kukaa zaidi, na akakaa, lakini mimi nilimpima mtoto kabla hajatimiza saa 24, kwa kuwa siku iliyofuata nilikuwa sipo kazini na mashine ni moja. Kipimo cha saa hizo za mwanzo ni halali, ila kinakosa mara nyingi zaidi. Tundu la sikio lina ule utando mweupe aliozaliwa nao, na sikio la kati, nyuma ya kiwambo, bado linaweza kuwa na majimaji ya tumboni. Waliozaliwa kwa upasuaji huelekea kubaki na majimaji hayo kwa muda mrefu kidogo. Hewa huchukua nafasi yake yenyewe siku zinapopita.

Sikio la kushoto lilijibu toni zote nne. La kulia halikujibu hata moja. Ukosefu wa namna hiyo, kimya kuanzia toni ya chini hadi ya juu, hunifanya kwanza nishuku kizibo. Kama tatizo lingekuwa kelele za chumbani, ningetarajia toni ya chini, ile ya 2000, ndiyo ipotee na za juu zibaki. Basi nikakitoa kizibo nikakiangalia mwangani. Kilikuwa kimejaa utando mweupe. Nikamwonyesha mama, kwa sababu jambo lililoonekana kwa macho humtuliza mtu kuliko maneno yangu kumi. Nikabadilisha kizibo, nikakanda taratibu pale mbele ya tundu, nikapima tena. Safari hii toni ya 4000 ilijibu, tatu zikakataa. Kioo kikaandika REFER tena.

Toni moja haitoshi kusema sikio limepita, na sikusema hivyo. Lakini ilinieleza kwamba kuna kitu kinaanza kupenya. Sauti ya kipimo hiki husafiri njia ileile mara mbili, kuingia na kurudi. Majimaji kidogo ambayo hayamzuii mtoto kusikia sauti ya mamake yanaweza kutosha kabisa kuumeza ule mwangwi hafifu wakati wa kurudi.

“Sista, basi mwanangu ni kiziwi?”

Aliniuliza hivyo kabla sijaiweka mashine chini. Alikuwa ameshaona neno lenyewe kwenye kioo na uso wangu umebadilika, au alidhani umebadilika.

Nilivuta kiti nikakaa, tukawa macho kwa macho. Huwa simwambii mama “usijali”. Atajali, ni mwanawe, na neno hilo humfanya aone ninamficha jambo. Nilimwambia mambo matatu kwa mpango huu. “Mwanangu, ninachokijua ni kwamba sikio la kushoto limejibu vizuri. Nisichokijua bado ni kama la kulia lina maji tu au lina tatizo la kudumu, na mashine hii haiwezi kunitofautishia. Nitakachokifanya ni kumpima tena wiki ya pili, na siku hiyo tutajua zaidi.”

Akanyamaza. Kisha akauliza ni wangapi huishia kuwa na tatizo kweli. Hapa nilichukua kalamu. Katika watoto 1000 wanaozaliwa, wenye upungufu wa kudumu wa kusikia ni 1 hadi 3. Sasa tuseme, kwa mfano tu, kwamba katika hao 1000 tunawapima mapema na 100 wanapata REFER siku ya kwanza. Hata kama wale 3 wote wamo ndani ya hao 100, bado wanabaki 97 ambao hawana tatizo la kudumu. Akaisoma hesabu ile mara mbili. Nikamwambia na upande wa pili wake, kwa kuwa ni kweli vilevile: kwa kuwatazama tu usoni, siwezi kuwachagua hao 3 kutoka kwa wale 97. Ndiyo maana lazima arudi.

Mbona hakushtuka alipoadhiniwa?

Swali hili ndilo lililokuwa limemchoma tangu asubuhi. Babake mtoto alimsomea adhana sikio la kulia, na mtoto hakutingisha hata kope. Lilipokataa sikio lilelile, mama akayaunganisha mambo mawili.

Nilimwambia kwamba mtoto wa siku moja aliyelala usingizi mzito huweza kusomewa adhana, kubebwa, kubadilishwa nguo, na asishtuke kwa lolote. Tena adhana husomwa kwa sauti ya chini, karibu na sikio, kwa upole. Si sauti ya kushtua. Wangapi wenye masikio mazima wameadhiniwa wakiwa usingizini? Karibu wote.

Kinyume chake pia ni kweli, na huku ndiko ninakowaonya watu zaidi. Bibi akipiga makofi nyuma ya kichwa na mtoto akashtuka, hilo halithibitishi kwamba anasikia sawa. Huenda alihisi upepo wa mikono au mtikisiko wa kitanda. Na mtoto ambaye sikio moja halisikii atashtuka kwa lile jingine. Mwenye upungufu wa wastani atashtuka kwa makofi na bado atayakosa maneno yanayosemwa kwa sauti ya kawaida. Nimeona familia zikitulia kwa makofi hayo hadi mtoto akafika miaka mitatu bila kusema.

Kwa nini usirudie tu mpaka ipite?

Aliniomba hivyo: “Jaribu mara moja nyingine, sista, labda itapita.” Nilitamani, lakini nilikataa. Mashine inatafuta sauti hafifu katikati ya kelele, na kila jaribio lina nafasi ndogo ya kelele kujifanya jibu. Ukimpima mtoto mara kumi mfululizo unaipa bahati nafasi kumi za kukudanganya. Majaribio mawili mazuri kwa kikao kimoja yanatosha, mtoto akiwa ametulia na kizibo kikiwa safi. Baada ya hapo ni kuacha siku zipite, majimaji yakauke.

Ni jambo nililolifanya mimi? Nilikaa karibu na spika za harusi mimba ikiwa na miezi sita.

Si harusi. Wala si chakula ulichotamani ukakikosa. Mama huyu alikuwa ameshaambiwa na jirani kuwa ni jicho, na mimi sikuingia kubishana na jirani. Nilimweleza ninachokijua.

Mtoto akiwa na upungufu wa kudumu tangu kuzaliwa, mara nyingi sababu ni ya kurithi, na haimaanishi kuna kiziwi katika ukoo. Baba na mama wanaosikia vizuri wanaweza kila mmoja kubeba chembe ileile ya urithi bila kujua, na mtoto akazichukua zote mbili. Zaidi ya watoto 9 katika 10 walio viziwi wana wazazi wanaosikia. Sababu nyingine ni maambukizi ya mimba, kama rubela. Nyingine huja baada ya kuzaliwa: manjano makali yaliyopita kiasi, homa ya uti wa mgongo, kukosa hewa, au sindano za jentamaisini, ambazo tunazitumia kwa sababu zinaokoa maisha ya mtoto mwenye maambukizi ya damu. Mtoto wa Siyu hakuwa na lolote kati ya hayo, nikamwambia hivyo waziwazi.

Niko arobaini. Si tungoje iishe?

Hapa mzungumzaji alikuwa bibi ya mtoto. Nilimwamkia shikamoo, nikamsikiliza hadi mwisho. Hoja yake ilikuwa ya haki: mzazi wa upasuaji, mshono mbichi, safari ya boti kutoka Siyu, tena boti yenyewe husubiri maji yajae ndipo ipite mkondo mwembamba wa Mkanda. Yote hayo kwa ajili ya mashine ya dakika tano?

Nilimjibu kwa tarehe. Kipimo cha kwanza, pamoja na marudio yake, kinatakiwa kiwe kimekwisha mtoto akifikisha mwezi mmoja. Kama kuna tatizo, lithibitishwe kabla ya miezi mitatu, na msaada uanze kabla ya miezi sita. Arobaini inaisha siku kumi baada ya huo mwezi wa kwanza. Wala si siku kumi hizo tu: zikishapita huja homa ya mtoto, harusi ya mjomba, bahari chafu ya kusi, na ghafla mtoto ana miezi mitano. Mimi siogopi arobaini, naogopa yanayofuatana nayo.

Kisha nikampa njia. Mama alikuwa na miadi ya kuangaliwa yeye mwenyewe kati ya wiki ya kwanza na ya pili, mshono ukiwemo. Safari hiyo ilikuwepo tayari. Tukaunganisha kipimo cha mtoto siku hiyohiyo, nikaiandika tarehe kwenye kitabu cha mama na mtoto kwa kalamu nyekundu, na bibi akasema watafikia kwa dadake Langoni, walale, warudi na maji ya kesho yake. “Mzazi hatembei ovyo,” alisema, “lakini tabibu huendewa.” Sikuwa na la kuongeza.

Ilikuwaje waliporudi?

Mtoto alikuwa na siku 13. Nilipima masikio yote mawili, kwa kuwa tunayarudia yote hata kama moja lilipita. Kushoto, toni nne. Kulia, jaribio la kwanza, toni ya 2000 ilikosekana na tatu za juu zikajibu. Hiyo ni PASS, na toni iliyokosekana ndiyo ile inayoibiwa na kelele kwanza; nje mtu alikuwa anavuta mkokoteni. Mama alikuwa ameyafumba macho. Nilimshika bega nikamwambia ayafumbue asome mwenyewe.

Na kama lingekataa tena?

Ningempa barua siku ileile ya kwenda kwa mtaalamu wa usikivu Mombasa, si ya “mwezi ujao tuone”. Huko hufanywa kipimo kingine. Stika hubandikwa kwenye paji na nyuma ya masikio, mtoto analala, na mashine inasoma jinsi mshipa wa kusikia na ubongo unavyopokea sauti. Kipimo hicho ndicho kinachoweza kusema sikio halisikii na halisikii kwa kiasi gani. Changu hakiwezi, hata kikiandika REFER mara tano.

Ikithibitika, mtoto huanzishiwa mashine ya kusikia kulingana na kiwango chake, au familia huanza Lugha ya Ishara ya Kenya, au vyote viwili pamoja. Ubongo wake unatafuta lugha tangu miezi ya mwanzo, na haujali sana kama lugha hiyo inaingilia sikioni au machoni, ili mradi inaingia.

Je, kumtoga masikio kunaweza kumdhuru asisikie?

Hapana, unatoga ndewe tu. Ila subiri kipimo kipite kwanza, kwa sababu ndewe iliyovimba inauma nikiishika, na mtoto atalia.

Amepita. Tumemaliza?

Kwa wengi, ndiyo. Lakini kipimo hiki kinasimama kwenye sikio la ndani. Hakisemi lolote kuhusu mshipa unaopeleka sauti kwenye ubongo, na kuna watoto wachache ambao sikio lao linajibu vizuri huku mshipa haufikishi. Kwa hiyo mtoto aliyelazwa wodi ya watoto wachanga zaidi ya siku tano, au aliyekuwa na manjano ya kubadilishiwa damu, PASS ya mashine yangu haimtoshi. Anahitaji kile kipimo cha stika.

Wengine huzaliwa wakisikia na usikivu ukapungua baadaye. Mwangalie nyumbani. Akifika miezi mitatu awe ananyamaza au anatulia asikiapo sauti yako. Miezi sita ageuze kichwa kutafuta sauti inakotoka. Miezi tisa aitike jina lake, na kukaribia mwaka awe anabwabwaja kwa silabi na kuelewa “hapana” au “njoo”. Kama hafanyi hivyo, au kama alikuwa anabwabwaja kisha akanyamaza, usisubiri chanjo inayofuata. Mlete wiki hiyohiyo, hata kama kitabu chake kina PASS kwa masikio yote mawili.